Mashine Izimwe

Katika familia ile, aliyejua nywele alikuwa mmoja na aliyejua kuandika alikuwa mwingine, na kwa miaka sita hakuna aliyeona kwamba wawili hao wangeweza kusaidiana. Walikuwa mawifi. Mkubwa alitengeneza krimu na mafuta ya nywele za asili katika jiko la nyuma ya nyumba, na wateja walimwita Mama Nywele. Mdogo, aliyeolewa na mdogo wake wa kiume, alikuwa amehariri vitabu vya shule kwa miaka kumi na moja. Ukoo mzima ulimwita Mhariri, kwa kuwa hata ukimtumia ujumbe wa kumjulia hali alikurudishia ukiwa umewekwa koma.

Video za kwanza Mama Nywele alizitengeneza peke yake. Alisimama mbele ya simu, akasalimia kwa dakika nzima, akawashukuru waliomfuata, akaomba radhi kwa kelele za jirani, na alipofika kwenye krimu yenyewe mtazamaji alikuwa ameshaenda zake. Mhariri alizitazama tatu mfululizo, kisha akamwambia wifi yake kwamba hajawahi kuona kitabu chenye dibaji ndefu kuliko kitabu chenyewe. Mama Nywele akamjibu kwamba kama anajua zaidi, aandike yeye. Akaandika.

Skripti zake zilikuwa na safu mbili: kushoto picha, kulia maneno. Video ya sekunde sitini ilipewa maneno mia moja, hayakuzidi, kwa sababu Mama Nywele akiharakisha alimeza silabi na kuonekana kama mtu anayetoroka swali. Sekunde tatu za mwanzo hazikuwa na salamu. Zilionyesha jambo ambalo mwenye nywele za kipilipili analijua bila kuambiwa: chanuo kavu likipita kwenye nywele kavu, na vipande vilivyokatika vikibaki kwenye meno yake. Baada ya hapo ndipo mkono ulipoingia na chupa ya maji ya kunyunyizia.

Kulikuwa na maneno mawili aliyoyapiga marufuku. La kwanza lilikuwa "inaotesha". Krimu haioteshi nywele, alisema. Inazuia unyevu usitoke, na nywele yenye unyevu haikatiki ovyo, hivyo urefu unabaki. La pili lilikuwa "haina kemikali". Maji ni kemikali. Kihifadhi kinachoizuia krimu isiote ukungu ni kemikali, na kimo ndani, na kitatajwa. Mama Nywele alilalamika wiki mbili. Washindani wake wote walikuwa wakiotesha nywele tangu asubuhi hadi jioni, yeye peke yake ndiye aliyenyimwa ruhusa.

"Wifi, wewe ukiuza maji," alisema, "utamwambia mtu kwanza kwamba anaweza kuzama."

"Nitamwambia kina chake," Mhariri akasema.

Mwanamitindo wao alikuwa Bi Mkubwa, mama yake Mama Nywele, mwenye umri wa miaka sabini na mbili na nywele nyeupe, nyingi, zilizojikunja kama springi za kalamu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, taulo mabegani, akagawanywa kichwa mafungu manne, na kabla fungu la pili halijafunguliwa alikuwa amelala. Hilo lilisumbua mwanzoni. Baadaye Mhariri aligundua kutokana na takwimu za video kwamba watu walitazama hadi mwisho mara mbili zaidi pale Bi Mkubwa aliposinzia, na akaacha kumwamsha. Mama Nywele alisema ndiyo ushahidi kwamba mkono wake ni mwepesi. Bi Mkubwa alisema ndiyo ushahidi kwamba maongezi yao yanachosha.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo akajitokeza mwenye saluni. Alikuwa na viti vinane katika jengo lililo mkabala na kituo cha mabasi, na wateja wa nywele za asili waliozidi uwezo wa viti hivyo. Alikuwa ameona video za mafunzo na akazipenda, lakini mara mbili kabla ya hapo alikuwa ameuziwa losheni ya dukani iliyohamishiwa kwenye kopo lenye picha ya jani. Alisema hataki maneno. Anataka kuona krimu ikitengenezwa, kuanzia sufuria tupu hadi kifuniko. Akiridhika atachukua makopo kumi na mawili ya majaribio, na majaribio yakienda vizuri krimu hiyo ndiyo itakayotumika kwenye viti vyote vinane.

Mama Nywele alikuwa ameuza kopo mojamoja kwa miaka sita, akibeba mwenyewe begani. Habari hiyo aliisimulia jikoni akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena. Mhariri hakumpongeza. Alifungua daftari na kumuuliza krimu inaanzaje.

Inaanza na sufuria mbili. Ya kwanza ina maji. Ya pili ina siagi ya shea, mafuta ya nazi, mafuta ya mbarika na vipande vyeupe vya nta ya kuunganishia, ambayo kazi yake ni kushika maji kwa upande mmoja na mafuta kwa upande mwingine. Zote mbili hupashwa hadi nyuzi sabini na kitu, kwa sababu sufuria moja ikiwa baridi nta huganda mapema na kufanya vidonge. Kisha zinamiminwa pamoja, na mashine ya mkono, ile ndefu ya kusagia inayotumbukizwa ndani ya sufuria, inayapasua mafuta kuwa matone madogo yasiyoonekana. Baada ya hapo unakoroga kwa mwiko hadi joto lishuke karibu na arobaini, ndipo unatia kihifadhi, kwa sababu hiki alichotumia hakipendi moto mkali.

Mhariri aliandika yote hayo kwa mpangilio. Aliona tatizo moja tu, na lilikuwa la sauti. Mashine ile ililia kama pikipiki iliyokwama kwenye matope. Simu ilipokuwa karibu, sauti ya Mama Nywele ilipotea kabisa. Na jambo muhimu kuliko yote, kwa nini sufuria mbili ziwe na joto moja, lilipaswa kusemwa hapo hapo, juu ya picha ya krimu ikigeuka kuwa nyeupe. Kwa hiyo kwenye safu ya kushoto aliandika: *Mashine inazunguka. Maji na mafuta yanageuka meupe. Mashine izimwe.* Na kwenye safu ya kulia yakaanza maneno.

Walirekodi Jumamosi asubuhi. Mama Nywele alivaa kofia ya nailoni na glavu, akaweka kipimajoto mbele ya kamera bila haraka, akamimina. Mashine ikalia, krimu ikawa nyeupe, mashine ikazimwa. Maneno yakamshinda mara tatu. Mara ya kwanza alisema "nyuzi sabini" akaonyesha vidole saba, akacheka mwenyewe. Mara ya pili mtu aligonga lango. Mara ya tatu Bi Mkubwa alipita nyuma akiuliza miwani yake iko wapi, nayo iko usoni. Mara ya nne ilitoka safi. Picha iliyofuata kwenye skripti ilikuwa mwiko ukikoroga taratibu, na Mama Nywele akachukua mwiko. Krimu ilikuwa imeshaanza kuwa nzito, laini, yenye kung'aa. Ilipendeza sana kwenye kioo cha simu.

Video hiyo ilitazamwa kuliko zote zilizotangulia. Mwenye saluni aliandika neno moja, "Leteni," na Jumatatu makopo kumi na mawili yakapelekwa. Mengine tisa yalinunuliwa na wateja wa kawaida. Matatu yalibaki nyumbani: moja la kichwa cha Bi Mkubwa, na mawili yaliyofungwa kwenye kabati pamoja na karatasi ya tarehe, kwa sababu Mhariri alikuwa ameshikilia kwamba kila pishi liache makopo mawili ya ushahidi. Mama Nywele aliyaita makopo ya jela.

Siku ya tisa mwenye saluni alipiga simu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na adabu, jambo lililomtisha Mama Nywele zaidi. Alisema amefungua kopo la tano mbele ya mteja na kukuta mafuta ya manjano yanaelea juu na maji yamekaa chini. Akafungua la sita. Vilevile. Akauliza kama ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mama Nywele alimjibu palepale kwamba ni jua. Makopo yalisafirishwa mchana, kwenye sanduku la pikipiki, na joto limeyavuruga. Kisha, bila kumngoja mtu, akasimama jikoni mbele ya simu na kurekodi klipu ya sekunde ishirini isiyo na skripti. Akasema wapendwa, jua la siku hizi ni kali, ukikuta krimu yako imeachana usiogope, ikoroge kwa kijiti safi itarudi kama zamani. Akairusha. Watu mia mbili wakaweka mioyo.

Mhariri aliiona akiwa kazini, saa ya chakula. Aliitazama mara mbili. Alipenda jinsi wifi yake alivyosema neno "wapendwa", hakuwahi kumwandikia neno hilo. Lakini maelezo yenyewe hayakumkalia vizuri, kwa sababu hayakuwa yamepimwa na mtu. Alipotoka kazini alipitia nyumbani kwa Mama Nywele, akamkuta hayupo, amekwenda kununua makopo mapya. Akamwomba Bi Mkubwa ufunguo wa kabati.

Makopo mawili ya jela hayakuwa yamesafiri popote. Hayakuwa yameona jua tangu yafungwe. Aliyafungua: mafuta juu, maji chini.

Akachukua kopo la pishi la mwezi uliopita, akaliweka kwenye ngazi ya nyuma ambako jua la alasiri lilikuwa bado linachoma, na kukaa naye Bi Mkubwa wakisubiri. Baada ya saa moja na nusu krimu ilikuwa imelainika, lakini ilikuwa bado moja.

"Unalitesa kopo limekufanya nini?" Bi Mkubwa akauliza.

Alimweleza. Bi Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba basi si jua, na akaomba mtu amtolee kichwani ile aliyopakwa jana.

Zilibaki sababu chache, na Mhariri alizipitia moja moja. Daftari la mapishi lilionyesha uzito wa nta uleule. Joto la sufuria lilikuwa sabini na mbili na sabini na moja. Mafuta yalitoka kwenye madumu yaleyale. Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha Bi Mkubwa na kufungua kwenye simu yake vipande vyote vya Jumamosi ile, vile ambavyo havijakatwa. Akaweka saa. Mashine ilizunguka sekunde thelathini na tano. Ikazimwa. Dakika tisa za maneno yaliyokosewa, vidole saba, lango, miwani. Kisha mwiko. Mashine haikuwashwa tena.

Akatafuta kipande cha zamani, cha mwezi wa kwanza wa kazi yao, walichokirekodi kwa kujaribu mwanga tu. Humo Mama Nywele alisaga dakika nzima, akapumzisha mashine, akasaga dakika nyingine, akapumzisha, akasaga ya tatu, huku akiimba vibaya. Dakika tatu. Ndizo zinazoyafanya matone yawe madogo kiasi cha kutoweza kurudiana. Sekunde thelathini na tano zinatosha kuifanya krimu iwe nyeupe na kupendeza kwenye video; baada ya wiki, matone makubwa yanapanda juu na kuungana.

Mhariri alifungua skripti. Safu ya kushoto, mstari wa tisa. *Mashine izimwe.* Mwandiko ulikuwa wake.

Mama Nywele alirudi na mfuko wa makopo kwenye kila mkono. Alimkuta wifi yake mezani, makopo mawili wazi mbele yake, simu imesimamishwa kwenye kikombe. Hakuhitaji kuelezwa. Aliweka mifuko chini, akavua viatu, akanawa mikono, akafanya kila kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kabla ya kukaa.

Mhariri alimwambia ni sekunde ngapi, na amezilinganisha na nini. Alimwambia kwamba kosa limo kwenye skripti. Kisha akamwuliza lile alilokuwa akijiuliza tangu aone kipande cha zamani.

"Umetengeneza krimu hii miaka sita. Mkono wako haukukwambia kwamba haijatosha?"

"Mkono uliniambia," akajibu Mama Nywele. Akaongeza: "Lakini wewe uliandika izimwe, nikaizima. Wewe neno huliweki kwenye karatasi kabla hujalitafuta vitabuni. Nikasema, huyu atakuwa amesoma mahali kwamba inatosha."

"Sikusoma mahali. Nilitaka sauti isikike."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Mhariri alikuwa ametumia miezi mitano kumfundisha mwanamke huyu asiseme jambo ambalo halijathibitishwa, na mwanamke huyu alikuwa amejifunza vizuri mno, hadi akaacha kuamini kitu ambacho mikono yake ilikuwa imekithibitisha mara mia.

Alimwuliza kuhusu jua. Kama alijua kwamba mashine haikutosha, jua limetoka wapi?

Mama Nywele aliangalia upande wa dirisha. "Ulitaka nimwambie yule dada wa saluni nini? Kwamba wifi yangu kaniharibia pishi? Wewe hulipwi hapa. Unakuja umechoka na kazi yako, unakaa kwenye hicho kiti unaniandikia. Jua halina ndugu wa kumsikitikia. Nikalitwisha."

Mhariri alizungumzia kihifadhi, kwa sababu ndicho alichoweza kukizungumzia kwa sauti iliyotulia. Kihifadhi kilipimwa kwa krimu iliyoungana, alisema. Krimu ikishaachana, hakuna anayejua kiasi gani kimebaki wapi. Kijiti safi hakikirudishi mahali pake. Watu mia mbili walioweka mioyo wameambiwa wakoroge na kupaka kichwani kitu ambacho wao wawili wasingempaka Bi Mkubwa. Ile klipu ishuke leo, na nyingine ipande.

Mama Nywele hakubisha kuhusu kushusha. Aliuliza tu kama akisema ukweli mwenye saluni ataondoka. Mhariri alisema kuna uwezekano mkubwa ataondoka. Hakulipamba jibu, na wifi yake hakumwomba alipambe.

Akaandika skripti hapo hapo. Maneno sabini. Ilisema pishi gani, tarehe gani iliyo chini ya kopo, makopo mangapi; ilisema klipu ya jua imeondolewa kwa sababu haikuwa kweli; ilisema usikoroge, usipake, lirudishe upewe jingine. Na katikati iliandikwa: *Aliyeandika skripti aliamuru mashine izimwe mapema. Kosa ni la mwandishi.*

Mama Nywele alichukua kalamu na kuukata mstari huo. Akaandika juu yake kwamba mkono uliozima ulikuwa wake. Mhariri akaurudisha. Mama Nywele akaukata tena, safari hii kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Walibishana kwa sauti za chini, kwa heshima kubwa, kila mmoja akidai sehemu kubwa zaidi. Mhariri alileta mantiki: mwenye kutoa amri ndiye anayewajibika. Mama Nywele alileta umri: yeye ni mkubwa, jiko ni lake, na jina lililo kwenye kopo ni lake.

Bi Mkubwa, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeoshwa na kufungwa taulo, alisema kutoka mlangoni kwamba amezaa na kuozesha, lakini hajawahi kuona watu wazima wakigombania kosa kama watoto wanaogombania kiti cha dirishani. "Kaeni wote wawili mbele ya hiyo simu," alisema, "kila mtu aseme lake, nikalale."

Hilo halikuwa limemjia Mhariri. Alikuwa hajawahi kuonekana kwenye video hata moja. Kwa maoni yake uso wake haukuwa na habari yoyote ambayo mteja aliihitaji. Alitafuta sababu ya kukataa ambayo ingesimama, akaikosa.

Waliweka simu kwenye stendi yake, wakawasha taa ya juu, wakakaa bega kwa bega. Kati yao, juu ya meza, kopo la jela lililo wazi, likiwa limeelekezwa kwenye mwanga ili mstari kati ya mafuta na maji uonekane. Mhariri alisema kwamba hakutakuwa na kukata: wakikosea, kosa libaki. Video ya kuomba radhi iliyokatwakatwa humfanya mtu ajiulize kilichoondolewa.

Alianza yeye. Sauti yake ilikuwa kavu, na alitazama kidogo pembeni ya kamera. Alitaja tarehe, idadi, sekunde thelathini na tano, dakika tatu. Alisema yeye ndiye aliyeandika mashine izimwe, na kwamba hakuuliza kwanza kama inaweza kuzimwa. Mama Nywele alisema kuhusu jua, kwamba alilisingizia. Alisema usikoroge. Alisema rudisha. Maneno ya karatasi yaliishia hapo, na Mhariri akanyoosha mkono kuzima.

Mama Nywele alimshika kiganja, mbele ya kamera, akakiweka juu ya meza chini ya chake.

"Huyu ni mke wa mdogo wangu," alisema. "Kabla yake nilikuwa nawaambia krimu yangu inaotesha nywele. Wengine mnakumbuka. Haioteshi. Yeye ndiye aliyenikataza kuwaambia hivyo, na nilimnunia wiki mbili."

Halafu akazima mwenyewe. Video ilizidi muda uliopangwa kwa sekunde kumi na nne. Mhariri aliirusha bila kupunguza kitu.

Kati ya wateja tisa wa kawaida, saba walirudisha. Wa nane alisema alishaimaliza na nywele zake ziko salama, na Mhariri akamwandikia kwa heshima kwamba anashukuru, ila hiyo si sababu ya kutumia nyingine kama hiyo. Wa tisa hakujibu, na hawakumwona tena. Chini ya video watu waliandika mengi, na baadhi yalikuwa machungu. Mmoja aliuliza kama basi atarudishiwa pesa za miaka yote ile ya kuambiwa nywele zake zinaoteshwa. Mama Nywele alimjibu kila mtu kwa mkono wake, bila skripti, na Mhariri alisoma majibu hayo yote asiguse hata koma.

Mwenye saluni hakupiga simu siku tatu. Siku ya nne alikuja mwenyewe, na makopo yote kumi na mawili kwenye boksi, yaliyofunguliwa na yasiyofunguliwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kujua ni cha nani. Alisema ameitazama video. Kuhusu mashine alisema mambo ya mashine hutokea. Hata yeye amewahi kuacha dawa kichwani mwa mtu akipokea simu. Kilichomfanya aje ni yale maneno ya mwisho ya video.

"Mimi nimeuziwa krimu za kuotesha miaka kumi na nne," alisema. "Sijawahi kusikia mwenye krimu anasema alikatazwa kunidanganya, na bado anampenda aliyemkataza."

Lakini viti vinane hakutoa. Alisema hivyo waziwazi, na Mama Nywele, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza, aliuachia. Atachukua makopo sita, atayaweka kwenye rafu wiki sita bila kuyauza, na atalifungua moja kila wiki mbele ya wasusi wake. Yote yakiwa mazima, wataongea kuhusu viti viwili. Vingine vitafuata vyenyewe au havitafuata.

Mhariri alisema wiki sita ni muda mzuri. Yeye angependekeza nane.

Mwenye saluni alimgeukia Mama Nywele kuona kama huo ni utani. Mama Nywele alimwambia azoee, wao nyumbani wameshazoea. Kisha akafunga kitambaa kichwani, akavaa glavu, akachukua sufuria mbili kutoka rafuni, na kumwuliza wifi yake kama leo kuna karatasi. Mhariri alisema hakuna. Atakaa pembeni atazame jinsi kazi inavyofanywa, aandike baada ya kuona, na maneno watayarekodi chumbani, jikoni pakishanyamaza, kisha watayapandisha juu ya picha.

"Basi sogea huko," Mama Nywele akasema, akimsukuma kwa nyonga, "umeniwekea kivuli kwenye mizani."

Mhariri akasogea.